Marehemu kwa Kiingereza

Mgeni aliingia karakanani na shada la maua meupe, akavua miwani ya jua, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Poleni sana na msiba," akasema.

"Tumeshapoa," nikamjibu, kabla sijajua nimepoa kwa lipi. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikupa pole unaipokea kwanza, sababu utaiuliza baadaye ukishamkalisha.

Basi nikamkalisha kwenye kiti cha wateja, nikasogeza vipande vya ngozi vilivyokuwa mezani ili apate pa kuweka maua yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vizuri, begani amening'iniza mkoba ambao niliutambua mara moja kuwa umetoka kwetu. Kiswahili chake kilikuwa safi, ila alikisema polepole, kama mtu anayepita nyumba aliyohama zamani na bado anakumbuka vyumba. Alisema ana duka la mikoba ughaibuni alikoolewa, na amekuwa akiagiza kwetu kwa muda. Sasa amekuja likizo, akaona si vizuri apite bila kufika.

"Nimekuja kuhani," akasema. "Na nina ombi dogo kwa fundi, lakini hilo litangoja. Wewe ni nani wa marehemu?"

Nilitazama mlangoni. Nilitazama dari. Akili ilinikimbia ikaenda kwa kaka yangu mwenye presha, ikaenda kwa wifi yangu, ikarudi haina kitu. Nikasema moyoni, mimi ndiye mkubwa wa ukoo huu, kuna mtu amekufa na mimi sijaambiwa.

"Marehemu yupi, mama?"

"Shangazi," akasema. "Mwenye Mikoba ya Shangazi."

Nawaambia ukweli, nilijishika kifua kuona kama kinapanda na kushuka. Kilikuwa kinapanda, tena kwa fujo.

"Shangazi ni mimi," nikasema.

Aliruka kama amegusa pasi ya moto. Kiti kilirudi nyuma, yeye akabaki ameshikilia ukingo wa meza, ananiangalia toka kichwani mpaka kwenye ndara. Sijui nani alishtuka zaidi. Mimi nilikuwa nimeambiwa nimekufa, lakini yeye alikuwa anaongea na maiti, tena maiti yenyewe imemkaribisha kiti.

Binti wa kaka yangu hakuwapo wakati huo, alikuwa ameenda kununua uzi. Tangu mdogo tunamwita Chiriku kwa sababu alikuwa haishi kusema. Nimemfundisha kazi mwenyewe, tangu hajui kushika msharasi, mpaka akaweza kutoboa ngozi matundu yaliyonyooka bila kuchora mstari. Kiharusi kiliponipiga, mguu ulirudi, mdomo ulirudi, na wanaonifahamu watakwambia mdomo ulirudi na nyongeza, lakini mkono wa kulia haukurudi. Umelala mpaka leo. Tangu hapo mimi nakaa mlangoni napokea watu, nachagua ngozi, nakosoa. Chiriku ndiye anayekata na kushona, na ndiye anayeendesha ule ukurasa wetu wa mtandaoni.

"Nani kakwambia nimekufa?" nikamuuliza mgeni.

"Ninyi," akasema. "Ninyi wenyewe."

Akatoa simu, akafungua ukurasa. Ilikuwa picha yetu ya ukurasani, imepigwa kwa mbali, mimi nimekaa mbele ya mlango na kitenge cha njano. Chini yake kulikuwa na maneno ya Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha kuulizia bei na kushukuru, kwa hiyo akanisomea huku akitafsiri. Karakana hii ilianzishwa na marehemu shangazi yangu. Leo mimi, mwanafunzi wake wa mwisho, naendeleza kazi yake kwa mkono wangu mwenyewe.

"Hapana," nikasema. "Huo sio ukurasa wetu. Umeibwa. Wa kwetu hausemi hivyo."

Nikatoa simu yangu nikamwonyesha. Picha ile ile, kitenge kile kile, na chini yake kwa Kiswahili kizuri tu: Karibu kwa Shangazi. Yupo kila siku, na kila mkoba unapita mikononi mwake. Nilikuwa nayajua maneno hayo kwa moyo. Niliyapenda, na jioni nikichoka nilikuwa nayafungua nikayasoma.

Mgeni alitazama simu yangu, akatazama yake, akaniomba ruhusa ya kuishika. Akaingia kwenye mipangilio, akanionyesha palipoandikwa lugha, akaibadilisha kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Kisha akafungua ukurasa wetu upya, kwenye simu yangu mwenyewe, nikiangalia kwa macho yangu.

Nikafa palepale. Ule mstari wa Karibu kwa Shangazi ulitoweka, ikaja ile mistari ya marehemu.

"Ukurasa ni mmoja," mgeni akasema taratibu. "Mwenye ukurasa anaruhusiwa kuandika maelezo kwa lugha mbili. Mtandao unaangalia simu ya anayefungua imewekwa lugha gani, unampa ya lugha hiyo. Wewe simu yako iko kwa Kiswahili, kwa hiyo umekuwa ukiona upande mmoja tu."

"Na upande wa pili nimezikwa."

Mgeni alikuwa anayatazama yale maua, nadhani akijiuliza kama ni adabu kuyachukua tena.

Chiriku alirudi na mfuko wa uzi, anaimba. Wimbo ulimkatikia mlangoni. Alimwona mgeni, akaona maua, akaona simu yangu mkononi mwa mtu mwingine, na mimi nikaona uso wake ukibadilika rangi. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna aliyetuibia ukurasa.

"Shikamoo Shangazi," akasema, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi polisi.

"Marahaba. Mimi ni mzima?"

Akautazama mfuko wa uzi.

"Nakuuliza, Chiriku. Mimi ni mzima, au nikalale?"

Aliweka uzi chini. Mgeni alijitambulisha, na yeye alipotaja jina la duka lake, mtoto yule aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Walikuwa wameandikiana kwa muda mrefu bila kuonana. Wangekutana siku nyingine, wangekumbatiana.

"Nieleze," nikasema. "Na unieleze kwa Kiswahili."

Akaanza. Mwanzoni aliongea harakaharaka, kama fundi anayemweleza mteja kwa nini kazi haijaisha. Alisema ukurasa una watu wa aina mbili. Kuna wa hapa mtaani na mjini, wanaonijua kwa sura, wanaokuja kwa sababu ya jina langu. Hao anawaandikia Kiswahili. Kuna wa nje, hawajawahi kuniona, wanaangalia mshono tu na hadithi. Hao anawaandikia Kiingereza. Nilipougua, wa nje walianza kuuliza kila siku. Atapona lini? Atashona tena lini? Niko tayari kungoja mkono wake. Aliwatumia mikoba aliyoshona mwenyewe, wengine wakairudisha, wakisema huu sio mkono wa Shangazi.

"Ulikuwa mkoba mbaya?"

"Ulikuwa mzuri kuliko ule wako wa mwisho," akasema, kisha akashtuka na maneno yake mwenyewe. "Nisamehe, Shangazi. Lakini ulikuwa mzuri."

"Endelea."

"Nikawaandikia kwamba umepumzika. Wakasema watangoja umalize kupumzika. Siku moja nikachoka. Nikaandika ile nyingine. Na kuanzia siku hiyo hakuna aliyeuliza tena. Walitoa pole, wakaanza kuagiza mkono wangu. Wangu mimi. Nikabadilisha na maelezo ya ukurasa, upande wa Kiingereza peke yake, ili yafanane."

Nimekuwa na hasira nyingi maishani na nyingi zilikuwa tamu, lakini ile haikuwa na ladha yoyote. Mtu uliyembeba mgongoni, uliyemlisha uji, anakuua ili aache kusumbuliwa na maswali. Halafu anakuja asubuhi anakupa shikamoo na kukuuliza kama umelala salama!

"Ulipoandika hivyo, ulilia?"

Alitikisa kichwa. "Kwa Kiingereza haikuwa kama wewe, Shangazi. Ilikuwa kama mtu wa kwenye kitabu. Niliandika nikaenda kupika."

"Ukaenda kupika!"

"Kwa Kiswahili nisingeweza. Mkono ungekauka."

"Basi nimekufa kidogo tu, ndivyo unavyosema? Nimekufa kwa wageni, kwa wenyeji bado napumua?"

Mgeni alikohoa. Aliuliza kwa upole kama maandishi yale ya kifo bado yapo. Chiriku akasema yapo, ila kila anapoweka chapisho huwa anachagua nani alione, la Kiswahili kwa wa hapa, la Kiingereza kwa wa nje. Yale alikuwa ameyapangia nchi za nje peke yake, ndiyo maana huku hayajawahi kutokea kwenye simu ya mtu. Yeye kama mwenye ukurasa anayaona yote.

"Yafungue," nikasema. "Nisomee."

"Shangazi, tafadhali."

"Mimi ndiye niliyekufa, nina haki ya kusikia nilizikwaje. Nisomee, kwa Kiswahili."

Aliifungua simu yake. Alisimama katikati ya karakana, kati ya meza ya kukatia na rafu ya ngozi, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Akaanza vizuri. "Kwa huzuni kubwa nawaarifu wapenzi wa mikoba yetu kwamba..." Akaishia hapo. Akarudia "kwamba". Midomo ilijaribu, sauti haikutoka. Neno lililomtoka kwa Kiingereza halafu akaenda kupika, kwa Kiswahili lilimkwama kooni huku mimi nimekaa mbele yake na ndara zangu. Alijaribu tena, akashindwa, na mimi nikaona aibu kumtazama. Nikamwambia aache, aendelee na pole za watu.

Hizo alizisoma. Na hapa lazima niseme kitu, hata kama si cha kiungwana: zilikuwa nzuri. Sijawahi kusifiwa hivyo nikiwa hai. Mmoja aliandika kwamba mkoba wangu alienda nao kwenye usaili wa kazi na akajiona mtu. Mwingine alisema mama yake aliacha wosia mkoba wangu arithi yeye, ndugu wasiugombanie. Nilisikiliza nimeinamisha kichwa, kama mwenye msiba, na nusura niseme asanteni.

"Na hizi zote ulizijibu?"

"Moja moja," Chiriku akasema.

Nikamwambia anionyeshe yaliyofuata, yote ya Kiingereza. Alipitisha kidole, picha zikaanza kupita, na hapo nilishtuka kwa namna nyingine ambayo sikuitegemea. Kila picha ilikuwa yeye. Chiriku ameinama juu ya meza na nywele zimefungwa. Chiriku anacheka na mkasi. Chiriku ameshika mkoba wa mduara ambao mimi nilimwambia hautauzika, na chini yake watu wamejazana kuuliza. Jina lake kamili, la baba na la babu, limeandikwa kila mahali. Fundi, anaitwa. Kuna mahali alieleza mshono alioubuni yeye, wa nyuzi mbili zinazopishana ndani kwa ndani, na mafundi wa nchi nyingine wanamuuliza anaufanyaje.

"Mshono huu ni wako?" nikasema. "Mimi nilidhani nimekufundisha."

"Hapana, Shangazi."

Nikachukua simu yangu. Nikarudisha lugha yangu mwenyewe, mkono wa kushoto unahangaika na kioo, wala sikutaka msaada. Nikaangalia machapisho ya Kiswahili, yale niliyokuwa nayapenda. Nilipitisha taratibu. Shangazi anawakaribisha. Mikoba mipya kutoka kwa Shangazi. Shangazi hajambo na anawasalimu. Katika picha zote hakuna sura ya Chiriku hata moja. Ipo mikono tu, imekatwa kwenye viwiko, inashona. Na chini yake majirani wameandika: mikono ya dhahabu, Shangazi. Mungu aitunze mikono hiyo, Shangazi. Hiyo mikono haina makunyanzi! Mtu anawezaje kuitazama mikono ya binti mbichi akasema ni ya kwangu? Na mimi nimewezaje kuisoma jioni zote zile nikaona raha?

Nilikuwa nimejiandaa kumfukuza. Maneno yalikuwa yameshapangwa mdomoni kwa mstari, na sasa yalianza kuondoka moja moja. Mimi nilikuwa nimekufa kwa Kiingereza, lakini yule mtoto kwa Kiswahili alikuwa hajazaliwa.

"Kwa nini hukuandika jina lako hapa?" nikamuuliza. "Kwa hawa wetu?"

"Wangehama. Kila anayeingia pale mlangoni anasema anataka mkono wako, sio wa mtoto. Hata jirani yetu Mwalimu mkuu anasema hivyo kila akija. Wakijua mkono wako umelala tutakaa na mikoba yetu. Na wewe..." Akasita. "Na wewe ungejua kwamba imeisha."

Mgeni alisafisha koo. Alisema hapendi kuingilia mambo ya nyumba, lakini ana lake. Yeye amewaambia wateja wake kwamba mwanzilishi ni marehemu, na hataki kuuza uongo, kwa hiyo upande wa Kiingereza lazima urekebishwe. Halafu akasema ombi lililomleta. Anafungua karakana ndogo nyuma ya duka lake, anataka fundi wa kuiongoza. Alidhani, kwa kuwa marehemu ametangulia, hakuna kinachomfunga Chiriku hapa.

Hilo nalo liliingia kama maji baridi mgongoni. Kuuawa nilikuwa nimeanza kuzoea. Kuachwa sikuwa nimefikiria. Bila Chiriku karakana hii ni mlango, kiti na mwanamke mwenye mkono mmoja.

Kabla sijasema kitu, mlango ulitiwa kivuli na Mwalimu mkuu mwenyewe. Ni mama mwenzangu, jirani wa tangu ujana, mteja wa tangu mkoba wa kwanza. Alikuja kuchukua wa kwake wa kahawia. Chiriku akamtolea. Akaugeuza huku na huku, akavuta zipu, akapitisha kidole kwenye mshono, akaniambia kama kawaida yake:

"Mkono wako haukosei, Shangazi."

Siku zote nilikuwa najibu asante. Siku hiyo neno lilifika kwenye meno likagoma. Nilimtazama Chiriku, amejiinamia anakunja karatasi ya kufungia, amezoea. Nilimtazama mgeni, anangoja kuona mimi ni mtu wa aina gani. Ukishasema kitu kama hicho mbele ya Mwalimu mkuu, mtaa mzima utakuwa nacho kabla ya magharibi.

"Sio mkono wangu," nikasema. "Ni wa huyu. Wote tangu niugue ni wa huyu. Mimi hata kufunga kamba ya kiatu siwezi."

Nilingoja auweke chini. Nilingoja akasirike, adai tumemdanganya. Mwalimu mkuu aliutia mkoba kwapani, akavuta stuli, akakaa.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua ni wa Chiriku. Tunajua wote. Shangazi, simu yangu iko kwa Kiingereza."

Sikuelewa. Nilimwambia yeye ni Mswahili kama mimi, anawezaje kuwa na simu ya Kiingereza.

"Ilikuja hivyo kutoka dukani, sijawahi kuibadilisha. Nusu ya mtaa ni hivyo hivyo. Mafundi, wauza duka, hata mchungaji. Tunaongea Kiswahili, tunaandikiana Kiswahili, simu zenyewe ziko kwa Kiingereza. Mtu akifungua ukurasa wenu kutafuta namba ya simu, anakutana na hayo ya mwanafunzi wa mwisho anayeendeleza kazi kwa mkono wake."

Chiriku aliinua kichwa. Sijawahi kuona mtu akishtuka namna ile, mpaka karatasi ilimchanika mikononi. Alikuwa amegawa watu wake kwa lugha za simu, akadhani kila mwenye Kiswahili mdomoni ana Kiswahili mfukoni. Machapisho aliyapangia nchi, akaona amefunga mlango. Maelezo ya ukurasa hayapangiwi nchi, na yeye alikuwa ameyaacha wazi miezi yote hiyo.

"Kwa hiyo mlisoma kwamba nimekufa," nikasema.

"Tulisoma. Mara ya kwanza nilivaa kanga nikatoka mbio. Nikakukuta pale nje unagombana na muuza nyanya. Nikasema basi, mitandao hiyo. Ila lile la mkono tuliliamini, maana mshono ulikuwa umebadilika. Umekuwa bora."

"Na bado unakuja unaniambia mkono wangu haukosei."

"Ulikuwa unafurahi, dada," akasema. "Tungekunyang'anyaje?"

Jamani. Nimewahi kupigwa na kiharusi, najua mwili unavyokukimbia upande mmoja. Safari hii ulinikimbia pande zote mbili. Mtaa mzima ulikuwa unanibembeleza kama mtoto mwenye homa. Wanakuja, wanasifu, wanatoka, wanacheka au wanahuzunika, na mimi nimekaa mlangoni na kitenge changu cha njano najiona malkia. Nilitaka ardhi ipasuke. Tena nilitaka impasukie kwanza Mwalimu mkuu.

Aliona ameniumiza. Alinishika bega, akasema atarudi kesho, akaondoka na mkoba wake. Tulibaki watatu na yale maua.

Niliona mambo mawili tu. Ningeweza kumwambia Chiriku afute ile ya marehemu tuendelee kama zamani, na angekubali, maana aliniogopa na alinipenda. Au ningeweza kumpa kilicho chake, na akishakipata aende nacho. Mgeni alikuwa ameshasema anakotaka kumpeleka. Nilikaa nikaumia kidogo, sitaki kudanganya kwamba nilifanya haraka.

"Chukua simu," nikamwambia. "Tunaandika upya."

"Nianze na Kiingereza?" Alikuwa ameshafuta macho, ameshakaa tayari. "Hicho ni rahisi, Shangazi. Nitawaomba radhi, nitasema upo."

"Kiingereza utamalizia. Anza na Kiswahili. Na iwe maneno yale yale pande zote mbili, kisiwepo cha huku na cha kule."

Akaweka vidole kwenye kioo. Nikamwambia aandike hivi: Karakana hii ilianzishwa na Shangazi, ambaye yupo hai na anapokea wageni mlangoni. Aliugua, mkono wake wa kulia haufanyi kazi. Mikoba yote mnayoiona imeshonwa na binti wa kaka yake.

"Sasa weka jina lako," nikasema. "Lote. Kama ulivyowaandikia wale."

Hapo vidole vilisimama. Yule aliyeniua kwa lugha ya watu akaenda kupika, alishindwa kuandika jina lake mwenyewe kwa lugha yetu. Aliandika herufi za mwanzo, akafuta. Aliandika tena, machozi yanadondoka kwenye kioo na simu inaruka kurasa kwa maji, na mimi nikaikausha kwa ncha ya kanga ili aendelee. Nilimwambia akienda aende na jina lake, akibaki abaki nalo. Nilisema kwa ukali kwa sababu ningesema taratibu ningelia. Aliliandika. Akabonyeza. Kisha akaweka na chapisho, la Kiswahili, halikupangiwa nchi wala mtu, na picha ambayo mgeni alitupiga palepale: Chiriku anashona, sura yake yote inaonekana, macho mekundu.

Mgeni alituacha tupumue. Kisha akasogeza kiti karibu na Chiriku, akainamisha kichwa, akaanza kumsemesha Kiingereza kwa sauti ya chini. Nilijua ni lile ombi lake. Nilijua pia kwa nini amebadili lugha. Alikuwa ananionea huruma, hakutaka nisikie mtoto akijibu. Nikajifanya napanga ngozi.

Chiriku alimsikiliza mpaka mwisho. Akavuta pumzi, akageuka ili anitazame mimi, sio yeye, na akajibu kwa Kiswahili, wazi, kwa sauti ya kutosha karakana nzima.

"Nitakuja," akasema. "Nipe muda nimfundishe mtu wa kukaa na Shangazi, halafu nitakuja."

Ngozi iliniponyoka mkononi. Siku nzima nilikuwa napigania nisifichwe kitu kwa lugha nisiyoijua. Na kwa mara ya kwanza nikatamani angejibu kwa Kiingereza.